Gmail yako isiingie katika simu ya mtoto

«Mtoto wangu ana miaka 11, anarudi peke yake kutoka shule ya Ibanda mpaka kwetu Kadutu. Nimemnunulia Tecno iliyotumika. Kijana wa duka ameingiza Gmail yangu na aplikesheni ya kufunga, dola 5. Inatosha?» (Mama wa Bukavu)

Haitoshi, mama. Hiyo Gmail ndiyo shida yenyewe: kwa Google, anayeshika simu hiyo ni wewe, mtu mzima. Picha na namba zako zinaingia humo, Play Store haimzuii kitu, na aplikesheni ya kufunga ataitoa mwenyewe siku akiichoka.

Toa Gmail yako, kisha futa simu yote irudi kama mpya. Katika simu yako weka Family Link, aplikesheni ya Google ya mzazi kuongoza simu ya mtoto, umfungulie humo akaunti yake kwa mwaka wake halisi wa kuzaliwa. Vijana wa maduka huandika 1990 ili wamalize haraka, na hapo Google haimhesabu tena kuwa mtoto. Ukiwasha simu yake, ingiza akaunti hiyo. Aplikesheni zote zipitie ruhusa yako, hata za bure. Saa moja kwa siku za shule inamtosha, na simu ijifunge saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ikijifunga, bado anaweza kupokea simu yako. Ila ukibadilisha kitu na yeye hana mega, badiliko linangoja mpaka apate mtandao, usidhani limekataa.

WhatsApp usiikubalie kwa sasa. Kwa safari ya shule, kupiga na kupokea kunatosha: andika namba yako, ya baba, ya shangazi na ya mwalimu.

Sasa feza, ambako wazazi wengi hujidanganya. Ruhusa ya Family Link inashika malipo ya Play Store tu. M-Pesa na Airtel Money haizioni kabisa, kwani zinafunguka kwa kupiga kodi, hata bila mtandao. Kwa hiyo usimpe laini yako ya zamani yenye akaunti ya feza. Nunua laini mpya, iandikishe kwa jina lako, usifungue M-Pesa juu yake. Mtumie mega na dakika kidogo kidogo, usimwachie kredi nyingi, maana mega zikiisha simu inaweza kuendelea kula kredi.

Na hao wa «nakufungia yote kwa dola 5»: wengi hufungua akaunti wao wenyewe, wakatia namba yao iwe ya kurudisha neno la siri. Mwenye namba hiyo anaweza kuichukua akaunti wakati wowote, na picha zote zilizohifadhiwa humo. Fungua leo usalama wa akaunti katika Gmail yako, utazame namba iliyoandikwa pale. Kama huijui, ifute, weka yako, ubadilishe neno la siri saa hiyo hiyo.