Usiandike "sababu binafsi"

"Nimelalamika mara mbili kuhusu bosi anayeninyanyasa na hakuna kilichofanyika. Nimeamua kuacha kazi. Barua ya kujiuzulu niiandikeje ili nisijifungie mlango wa kudai haki yangu baadaye?"

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi kazini kwetu, na barua za namna hii nimesaidia kuandika kadhaa. Iliyonifunza zaidi ni ile niliyoletewa ikiwa imeshapokelewa na mwajiri. Mwenzetu mmoja alisumbuliwa na msimamizi wake kwa miezi, akalalamika, akapuuzwa, kisha akaandika mistari mitatu: anaacha kazi kwa sababu binafsi, anaishukuru menejimenti kwa ushirikiano, anawatakia mafanikio. Aliandika hivyo kwa sababu ndivyo watu wengi wanavyoandika, na alitaka cheti chake cha utumishi kitoke bila vikwazo. Aliposhtaki, barua hiyo ikawa kielelezo cha kwanza cha mwajiri. Akaulizwa: kama uliondoka kwa kunyanyaswa, mbona siku ya kuondoka ulishukuru? Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa la kweli, ila alilazimika kulitoa dhidi ya maandishi yake mwenyewe.

Sheria za kazi za nchi nyingi zinakubali kwamba mtu anaweza kuandika barua ya kujiuzulu kwa mkono wake na bado ikahesabika kuwa mwajiri ndiye aliyemwachisha kazi, endapo mwajiri huyo aliacha mazingira yafike pasipovumilika. Lakini aliyeondoka ndiye anayepaswa kuthibitisha. Mara nyingi atatakiwa kuonyesha kwamba hali haikuvumilika, kwamba mwajiri aliarifiwa akapata nafasi ya kuirekebisha, na kwamba hilo hasa ndilo lililomwondoa, si kazi nyingine aliyokuwa ameipata. Mawili ya kwanza yana ushahidi wake: ujumbe wa simu, mashahidi, malalamiko yako ya maandishi. La tatu hutazamwa kwanza kwenye barua yako, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa siku yenyewe, kabla ya kesi yoyote.

Nitakuonyesha moja niliyoisaidia mapema. Ilikuwa ya karani wa stoo. Rasimu yake ilikuwa na kurasa nne, na hasira yake ilikuwa ya haki kabisa: msimamizi ni mnyama, ofisi nzima inamlinda, amekuwa akimdhalilisha kila mara. Tulikaa jioni mbili tukiipunguza. Kila neno la kumhukumu mtu linaweza kubishaniwa. Tarehe na tendo ni vigumu kuvibishia. Ilipofika mwisho ilisomeka hivi, na imeandikwa tarehe 3 Juni:

"Naacha kazi. Siku yangu ya mwisho ni tarehe 1 Julai. Sababu ni unyanyasaji wa kijinsia niliofanyiwa na msimamizi wangu, na ofisi kutouchukulia hatua baada ya kuarifiwa.

Tarehe 4 Machi, ndani ya stoo, alinishika kiunoni. Nilimwambia aache. Tarehe 19 Machi, saa 4 usiku, alinitumia ujumbe wa simu akitaka tukutane hotelini. Ujumbe huo ninao. Tarehe 22 Machi nililalamika kwa maandishi kwa ofisa rasilimali watu. Tarehe 16 Aprili nilikumbusha kwa baruapepe, na tarehe 18 Aprili nikajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Hadi leo sijaitwa kuhojiwa, na bado napangiwa zamu chini ya msimamizi huyo huyo. Tarehe 27 Mei alinishika tena stoo, nikaripoti siku hiyo hiyo. Haya ni baadhi tu ya matukio.

Kwa hali hiyo siwezi kuendelea na kazi. Naomba kipindi cha notisi nikitumikie nje ya idara hiyo. Barua hii haiondoi malalamiko yangu, wala si kusamehe haki au dai lolote nililonalo kisheria au kwa mkataba. Naomba kumbukumbu zote zinazohusu malalamiko hayo zihifadhiwe, zikiwemo picha za kamera ya stoo za tarehe 27 Mei."

Angalia mpangilio wake. Tendo, kisha taarifa kwa mwajiri, kisha ukimya wa mwajiri, kisha tendo tena, ndipo kuondoka. Ule ukimya ndio uti wa mgongo wa barua, kwa sababu mwajiri atasema msimamizi alifanya yake na yeye hakujua. "Linafanyiwa kazi" limenukuliwa lilivyo, bila kejeli, na hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi.

"Haya ni baadhi tu" ni maneno machache yenye kazi kubwa. Bila hayo, tukio lolote utakalolitaja baadaye litaitwa la kutunga. Na tarehe usiyoikumbuka vizuri usiibuni; andika "mwanzoni mwa Machi", kwa sababu tarehe moja ikionekana ya uongo hata zile za kweli zitatiliwa shaka. Yeye alikuwa amesikia kwamba mwenzake mwingine naye alishikwa. Tulilitoa. Hilo ni la mwenzake kulisema mwenyewe, akipenda, akiwa shahidi.

Ombi la kamera liliwekwa kwa sababu mitambo mingi hufuta picha za zamani baada ya muda ili kupisha mpya. Mwajiri akishaombwa kwa maandishi, hawezi tena kusema hakujua kama picha zilihitajika.

Notisi ndiyo iliyotusumbua zaidi. Ukiitumikia yote chini ya mtu yule yule, utaulizwa ilikuwaje ukavumilia siku 28 zaidi. Ukiondoka papo hapo, unaweza kudaiwa malipo ya notisi. Kuomba kuitumikia mbali naye, na kuandika kwa nini, kulimlinda pande zote mbili. Kukaa miezi baada ya tukio la mwisho bila kusema lolote ni hatari zaidi, maana hutafsiriwa kuwa umelikubali.

Kabla hujaikabidhi barua, nenda kwa mwanasheria, chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi uulize jambo moja: nina siku ngapi za kufungua shauri, na zinahesabiwa kuanzia lini? Kuna sheria zinazotoa siku 30 tu, nyingine miezi mitatu, na dai la unyanyasaji wenyewe linaweza kuhesabiwa tangu siku ya tendo badala ya siku ya kuondoka. Usidhani kwamba kwa kuwa ofisi bado "inachunguza" basi siku zako zimesimama.

Siku ya kukabidhi ofisi utawekewa fomu mbele yako. Isome mpaka mwisho. Mara nyingi mstari wa chini husema umelipwa stahiki zako zote na huna madai yoyote. Ukisaini hapo unaweza kuwa umelifuta lile aya la barua ulilolitunga kwa uangalifu. Karani wetu aliukata mstari huo, akaandika kwa kalamu kwamba anakiri kupokea mshahara wa Juni na malipo ya likizo peke yake, ndipo akasaini.

Barua usiisambaze kwa wafanyakazi wote, hata kama moyo unakutuma. Inaweza kukugeukia kuwa kesi ya kashfa. Mpe mwajiri nakala moja na wewe ubaki na nyingine iliyosainiwa na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Kwa karani wetu, ofisa alikataa kusaini. Karani akarudi kwenye meza yake, akaipiga picha ile barua, akaituma kwa ofisa huyo na kwa mkurugenzi kutoka kwenye baruapepe yake binafsi, kwa kuwa ile ya ofisini alijua wataifunga jioni hiyo hiyo.