Rangi ya njia haikuambii unakokwenda

Juzi msomaji anayeishi Zurich aliniandikia: "Kaka, mwezi wa nane tunashuka kutoka kipito cha mlimani cha Hohtürli hadi ziwa la Oeschinen. Nasikia njia zote zimepigwa rangi. Ramani ya karatasi ya nini tena?" Nilimjibu kwa urefu, na kwa kuwa najua wengi wenu mnaitamani milima hiyohiyo ya Kandersteg, jibu nalileta hapa.

Uswisi wameziwekea njia zao alama vizuri sana. Njano ni njia ya kawaida ya miguu. Nyeupe, nyekundu, nyeupe ni njia ya mlimani, ya mtu mwenye miguu imara asiyeogopa kimo. Nyeupe, buluu, nyeupe ni ya wazoefu, na huko huenda ukahitaji kamba au ukavuka barafu. Ukiiona nawe huna maandalizi hayo, rudi. Lakini dada, rangi hiyo inakueleza ugumu wa njia tu. Haikuelezi njia inafika wapi. Kwenye njia panda matawi yote mawili yanaweza kuwa na nyekundu ileile, na ukishika lisilo lako utaendelea kuona alama kwenye kila jiwe huku ukizidi kupotea.

Ndivyo ilivyo Ober Bärgli, malisho ya ng'ombe yaliyo karibu mita 1,970 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Hohtürli, mkono wa kushoto njia inateremka Underbärgli, kisha ziwani. Nyingine inaendelea magharibi hadi Heuberg, ikipita juu kabisa ya ziwa, na kuna sehemu ambako pembeni yako ni bonde tupu. Zote mbili ni nyekundu na nyeupe. Vibao vyenye majina vipo, ila ukungu ukitanda unaweza kuvipita, hasa ukiwa umefuata kijia kilichochorwa na kwato za ng'ombe.

Tulifika hapo kundi zima, ukungu mzito, na mwenzetu mmoja anaogopa sana kimo. Kiongozi wetu akaona rangi kwenye jiwe, akaifuata. Nikasema tusimame niangalie ramani. Akanijibu mbele ya watu wote kwamba karatasi ni za watalii wa zamani, alama si tunaiona? Watu wakacheka. Bado linaniuma, sitaficha.

Nilichokuwa nimekisoma kabla hatujafika ndicho kilichotuokoa. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:25,000, sentimita 4 ni kilomita 1, na kwa milima hiyo kutoka mstari mmoja wa kontua, yaani mstari unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja, hadi wa pili ni mita 20 za kimo. Njia ya Underbärgli inaikata mistari kama kumi kwa kipande kifupi cha karatasi, maana yake unashuka karibu mita 200 mfululizo, magoti yanalia. Njia ya Heuberg inaambaa na mistari, haiikati sana, maana yake unatembea karibu usawa mmoja. Basi nikahesabu dakika. Tulikwenda kama kumi, na mwili wangu haukuhisi mteremko wowote wa maana. Nikatoa dira, tunaelekea magharibi. Nikamwambia kiongozi: hii ni Heuberg. Alibisha, tukabishana, mwishowe tukarudi hadi kwenye kibao. Kimeandikwa Heuberg upande ule tuliokuwa tumeushika. Hakuniomba radhi mpaka leo.

Kwa hiyo ramani isomwe kabla ya njia panda, ukiwa bado umetulia. Kwa kila tawi jiulize swali moja: baada ya dakika kumi, ardhi inapaswa kufanya nini chini ya miguu yangu? Ishuke, ipande, ivuke kijito, iingie msituni? Halafu ukifika, geuza karatasi mpaka kaskazini yake ilingane na kaskazini ya dira, ndipo kushoto kwa ramani kunakuwa kushoto kwako. Wengi huishika maandishi yakiwa wima ili wasome majina, wakati wao wanaelekea kusini, wakachagua tawi kinyume kabisa.

Ardhi isipofanya ulichotabiri, rudi mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika napo. Usikate majani kwenda kuitafuta njia ya pili. Juu ya Oeschinen kuna miamba ambayo kwenye ukungu huioni mpaka uko ukingoni. Na asikudanganye mtu kwamba kuuliza karatasi ni woga. Anayeongoza wenzake ana deni la kujua, si la kukisia.

Ramani yako, dada, ikunje ili Ober Bärgli iwe upande unaoonekana, itie kwenye mfuko wa plastiki unaoona ndani, na kidole gumba kikae pale ulipo. Kila ukipita kibao, kisogeze.