Mtoto anaharisha: kabla ya kukoroga ORS, onja maji yako kwanza

"Mwanangu ana miezi 14, anaharisha maji matupu tangu jana jioni na ametapika mara mbili. Nina pakiti moja ya ORS, nimekoroga nusu yake kwenye glasi. Niendelee hivyo? Na nitajuaje kama ameishiwa maji mwilini?"

Mwaga hiyo glasi, dada. Geuza pakiti usome imeandikiwa maji kiasi gani, maana kuna za nusu lita na kuna za lita nzima. Kama yako ni ya lita na glasi ni robo lita, umempa chumvi maradufu. Unga unaingia wote kwa mkupuo mmoja kwenye maji yote yaliyoandikwa, na kipimo kizuri ni chupa ya maji ya dukani, si kikombe wala jagi la kukisia. Funika, na ikipita siku moja mwaga ukoroge mpya.

Hilo la chumvi nalijua kwa uchungu. Binti yangu alikuwa na mwaka na miezi miwili kama wako, tukiishi Langoni, Lamu. Usiku mifereji ilikuwa mikavu, nikachota maji ya kisima cha uani, nikayachemsha vizuri, nikapima lita moja kwa pakiti ya lita. Kila kitu sawa, nilidhani. Mtoto akanywa vijiko vichache akakataa, halafu akawa analilia maji tu. Mama mkwe akaonja akatema: "Hii ni bahari, mwanangu." Kisima chetu ni cha maji ya chumvi, tunaoshea vyombo tu. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haiondoki. Tena maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi. Chumvi ikizidi kwenye damu mtoto huzidi kiu, hukosa utulivu, na anaweza hata kupata degedege. Kwa hiyo tumia maji matamu: ya mvua kutoka kwenye jabia, ya mfereji kama hayana chumvi mdomoni, au ya chupa. Ya jabia na ya mfereji yachemshe, yapoe, ndipo upime. Ukimaliza kukoroga, onja. Isizidi chumvi ya machozi.

Pakiti ikikosekana kabisa, lita moja ya maji matamu, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa kwa kisu, visiwe na kilima. Ni ya kukuvusha hadi upate pakiti. Soda usimpe, sukari yake nyingi huvuta maji utumboni na kuhara kunazidi. Dafu nalo lina chumvi kidogo mno kwa kazi hii.

Sasa mtazame. Asubuhi ile wangu macho yalikuwa yameingia ndani, alilia bila machozi, na nepi ya alfajiri ilikuwa kavu. Akiona kikombe alikirukia. Nesi wa zahanati alifinya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, akaachia. Ya mtoto mzima hurudi papo hapo; yake ilirudi polepole. Kwa mtoto aliyekonda sana kipimo hiki hudanganya, ngozi yake hulegea hata akiwa na maji. Na msingoje eti ni meno yanaota.

Alipimwa uzito, kilo 9. Mililita 75 za ORS kwa kila kilo, ndani ya saa nne: 675, yaani chupa moja ya nusu lita na zaidi ya theluthi ya nyingine. Alinywa kwa kijiko cha chai, kimoja kila dakika moja au mbili. Alipotapika, tulingoja dakika kumi tukaanza tena taratibu zaidi. Nilitaka kumpa kikombe kizima tuondoke; nesi akanishika mkono. Kunyonya hakukukatizwa.

Wako kama bado anacheza na anakojoa, mpe robo hadi nusu glasi kila anapoharisha, kwa kijiko hivyo hivyo, na endelea kumnyonyesha na kumlisha. Ulizia pia vidonge vya zinki: kwa umri wake miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukiisha. Lakini akilegea na kusinzia hata usiweze kumwamsha vizuri, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, ngozi ikikaa zaidi ya sekunde mbili, au ukiona damu kwenye choo, usikoroge tena kwanza, ondoka. Kama uko visiwani tafuta boti sasa hivi, na chupa ya ORS uliyokwisha kukoroga uende nayo umpe njiani kama anaweza kumeza.

Wangu nepi ililowa saa kumi alasiri. Mama mkwe alicheka, akaniambia niitundike ukutani.