Kurukaruka kwa mkimbiaji: nilivyoanza vibaya, na nilivyoanza upya

Mara ya kwanza nilifanya mazoezi ya kuruka kwenye uwanja wa saruji wa kuegeshea magari. Nilikuwa nimeona video ya wakimbiaji wakichupa hatua ndefu, mguu huu kisha ule, nikawaiga. Seti kumi siku moja, kila seti urefu wa uwanja mzima. Ukihesabu, miguu yangu iligonga saruji zaidi ya mara 200, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimepandisha mbio zangu kutoka kilomita 35 hadi 50. Kesho yake sikusikia kitu. Siku ya tatu asubuhi niliposhuka kitandani, kano ya kisigino cha kushoto ilikuwa imekaza na inauma, vidole vitatu juu ya mfupa wa kisigino. Nilikaa wiki tisa bila kukimbia sawasawa.

Kosa halikuwa kuruka. Nilikuwa nimempa mtoto wa darasa la kwanza mtihani wa kidato cha nne.

Tunachotafuta kwenye mazoezi haya ni ukakamavu wa mguu, na simaanishi misuli iliyokaza mpaka huwezi kuinama. Chukua mpira wa miguu uliojaa upepo, uachie sakafuni, unadunda. Chukua uliopungua upepo, unabonyea na kubaki palepale. Mguu wa mkimbiaji uko hivyohivyo. Unapotua, kano ya kisigino inavutika kama mpira wa manati, kisha inarudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo unapoinuka. Mguu ukibonyea sana kwenye goti na kifundo, nguvu inapotea, na misuli inalazimika kuitafuta upya kila hatua. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na pumzi nzuri na bado akachoka mapema.

Shida ni kwamba misuli inajifunza haraka kuliko kano. Baada ya wiki tatu kigimbi kinajisikia na nguvu, unaona uko tayari, kumbe kano bado iko nyuma. Wengi huumia hapo, kwenye wiki ya tatu au ya nne, mambo yanapoanza kuwa matamu.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenishughulikia hakuniruhusu kuruka hata mara moja mwanzoni. Alinisimamisha kwa mguu mmoja, vidole viwili vya mkono vikigusa ukuta ili nisiyumbe, akaniambia niinue kisigino juu kabisa na kukishusha, polepole, mpaka nishindwe. Kulia nilifika 24. Kushoto nilikwama kwenye 13. Akasema tutazungumza habari ya kuruka kushoto kukifika 20. Ilichukua wiki tano. Nilifanya mara tatu kwa wiki, sekunde tatu kupanda na tatu kushuka, na baadaye nikabeba begi lenye kilo kumi za unga. Kama huwezi kufika 20 kila upande bila maumivu, naomba uanzie hapo. Tofauti kubwa kati ya mguu na mguu ni onyo tosha.

Baada ya hapo nilianza na miruko midogo ya miguu miwili, papo hapo nilipo. Inafanana na kuruka kamba bila kamba. Magoti yamelegea kidogo tu wala hayakunjiki sana, mwili umenyooka, unatua kwa sehemu ya mbele ya unyayo na kisigino kinakaribia ardhi au kuigusa kidogo. Usitafute kwenda juu, sentimita chache zinatosha. Tafuta kuondoka ardhini upesi, kama umekanyaga bati lililoanikwa juani.

Masikio yatakusaidia kuliko kioo. Mruko mzuri unalia tak, tak, tak, mfupi na mkavu. Ukisikia pwaa, kisigino kimeanguka na mguu umebonyea. Seti imeisha hata kama hesabu haijatimia. Ukitaka uhakika, piga video ya mwendo wa taratibu kwa simu. Simu ikirekodi fremu 240 kwa sekunde, hesabu fremu ambazo mguu umegusa ardhi: 48 ni sawa na sekunde 0.2. Mimi nilianza na fremu 70, yaani karibu sekunde 0.3. Kwa miruko hii ya papo hapo, muda unaozidi sekunde 0.25 unaonyesha kwamba unachuchumaa na kuinuka, hudundi.

Wiki mbili za kwanza nilifanya Jumanne na Ijumaa tu, seti tatu za miruko 20, dakika moja ya kupumzika katikati. Nilifanya baada ya kupasha mwili dakika kumi na kabla ya mbio nyepesi, sikufanya kamwe baada ya mbio ndefu, maana mguu uliochoka hubonyea. Wiki ya tatu na ya nne nikaongeza seti moja. Ya tano na ya sita, seti mbili kati ya hizo nne nilizifanya nikisogea mbele kidogo kidogo. Kilomita za wiki sikuzigusa muda wote huo. Ukiongeza kuruka, usiongeze kitu kingine.

Mguu mmoja ulikuja wiki ya saba, na hapo lazima hesabu ishuke, kwa sababu uzito wote sasa uko kwenye kano moja. Nilifanya seti mbili za miruko minane kila mguu, na seti mbili tu za miguu miwili. Nilikaa hapo wiki tatu badala ya mbili, kwa sababu kushoto kulikuwa bado kunalia pwaa kwenye mruko wa sita.

Kuchupa hatua ndefu, lile zoezi nililoanza nalo zamani, lilifika mwisho kabisa, wiki ya kumi, na nililifanya kwenye kimlima kidogo chenye nyasi fupi na udongo mgumu. Kupanda kunasaidia kwa sababu ardhi inakuja kukupokea, huanguki kutoka juu sana. Arthur Lydiard wa New Zealand, kocha wa Peter Snell aliyeshinda mita 800 Roma mwaka 1960, aliwachupisha wakimbiaji wake vilimani kabla ya kuwapeleka kwenye kasi ya uwanjani. Mita 20 kupanda, mara tatu, kushuka kwa kutembea. Nyasi ndefu ziepuke, zinaficha mashimo, na mchanga mlaini unameza nguvu yote unayotaka irudi.

Kipimo changu cha kila zoezi ni hatua kumi za kwanza asubuhi inayofuata. Kano ikikaza kuliko kawaida, au maumivu yakizidi tatu kwa kumi, zoezi linalofuata naliacha na linalokuja baadaye nalipunguza nusu. Maumivu ya kano mara nyingi hupungua mwili ukipata joto. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa wa ugoko au unyayo, yanayouma zaidi ukiruka kwa mguu huo, ni jambo lingine. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Acha kuruka na kukimbia, nenda hospitali, na ujue kwamba eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kutoka safi wakati ufa upo.

Wiki ya kumi na mbili nilipiga video tena, papo hapo, miguu miwili. Fremu 51. Sasa nafanya mara moja kwa wiki, seti tatu za 20, na siku kumi kabla ya mashindano naacha kabisa.