Skripti ya video ya kumbukumbu ya mzee: kicheko kikae wapi

Skripti nyingi za aina hii huharibikia kwenye mgawanyo. Mwandishi anaanza na huzuni, anaingia kwenye shukrani, halafu anatafuta kichekesho cha kupachika katikati ili watu wapumue. Ukumbini watazamaji wanauona mshono. Dakika moja wanalia, ya pili wanaambiwa wacheke, na wengi wanabaki kutazamana kwa sababu hawajui kama inafaa kucheka mbele ya wafiwa.

Njia inayofanya kazi ni kutafuta jambo moja la mzee, tabia au kitu cha mkononi mwake, na kulipitisha mara tatu katika video. Mara ya kwanza linamtambulisha. Mara ya pili linachekesha, na kicheko hichohicho kinafungua shukrani. Mara ya tatu linaleta huzuni bila msimulizi kutaja neno huzuni. Jambo likiwa moja, mtazamaji hatolewi hali moja na kutupwa katika nyingine. Anabaki na mzee yuleyule.

Jambo hilo halipatikani kwa kukaa mezani na kufikiri. Linapatikana kwa kuhoji watu watano hivi, dakika 20 kila mmoja: mtu wa nyumbani, jirani, aliyefanya naye kazi za jumuiya, kijana, na mtu aliyewahi kugombezwa naye. Huyo wa mwisho usimruke, maana mara nyingi ndiye mwenye kisa kizuri kuliko wote. Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa mpole, mcheshi, mkarimu, na maneno hayo yanamfaa kila marehemu. Uliza: alikuwa akifanya nini dakika tano kabla kikao hakijaanza? Ni neno gani alilolirudia hadi mkalizoea? Alikuwa akikuudhi kwa jambo gani? Mkono wake ulikuwa unashika nini? Watu wawili ambao hawajaongea wao kwa wao wakikutajia jambo lilelile, umelipata.

Tuchukue mfano wa mzee aliyetunza ukumbi wa jumuiya. Kila anayehojiwa anagusia viti. Vilikuwa 120, na kila kimoja kina namba chini ya kikalio, iliyoandikwa kwa mkono wake. Watu waliviazima kwa shughuli zao, yeye akaandika kwenye daftari. Wasifu wake una mengi makubwa zaidi: kamati alizoongoza, migogoro aliyosuluhisha, miaka ya utumishi. Hayo yapate sentensi mbili. Uti wa mgongo wa skripti ni viti.

Kabla ya kuandika, piga hesabu ya muda. Kwa video ya dakika nne una sekunde 240. Msimulizi apewe 130, klipu za wanaohojiwa 50, sauti ya mzee mwenyewe 10, na 50 zinazobaki ziwe za picha na muziki au kimya. Kiswahili kikisomwa kwa utulivu wa msiba hukaribia maneno 90 kwa dakika, kwa sababu neno letu moja hubeba mtenda, wakati na tendo kwa pamoja. Kwa hiyo msimulizi ana maneno kama 195, si zaidi. Yasome kwa sauti ukiwa na saa. Ukisoma kimoyomoyo utajidanganya, na siku ya kurekodi msimulizi atakimbia, na msimulizi anayekimbia anasikika kama anatangaza mnada.

Andika ukurasa kwa safu mbili, kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika. Kupita kwa kwanza, karibu na sekunde ya 30, kuwe hivi:

Picha: Kiti kimepinduliwa. Namba 12 kwa rangi nyeupe. Kisha 13, kisha 14.
Sauti: Kila kiti cha ukumbi huu kina namba. Aliziandika mwenyewe kwa brashi, viti 120. Mkutano ukiisha, alikuwa akivihesabu. Kisha alikuwa akivihesabu tena.

Sentensi ya mwisho ni fupi makusudi. Wanaomjua watatabasamu, na tabasamu ndilo unalolihitaji hapo. Usitafute kicheko katika dakika ya kwanza, kwa kuwa watu bado wana donge kooni na kila mmoja anasubiri kuona mwenzake anafanya nini.

Kupita kwa pili kuje baada ya dakika moja na nusu, na kusemwe na jirani wala si msimulizi. Msimulizi akichekesha, anaonekana anaigiza. Aliyeishi na kisa akikisema, anakumbuka tu:

Jirani: Akifungua kikao, la kwanza ni viti. "Namba 47 bado iko nje." Jina hataji. Na mimi nimekaa mstari wa mbele, najua 47 iko jikoni kwangu.
(Kimya, sekunde 4. Picha inabaki usoni pa jirani.)
Sauti: Hakuwahi kutaja jina la mtu. Daftari lake lilikuwa na safu mbili tu: namba ya kiti, na tarehe.

Angalia anayechekwa. Ni jirani, kwa mdomo wake mwenyewe, na mzee anatoka kwenye kisa akiwa mkubwa kuliko alivyoingia. Hicho ndicho kipimo: kicheko kikiisha, mzee amepanda au ameshuka? Kisa cha usahaulifu wa siku zake za mwisho, cha ugonjwa, cha madeni au cha ugomvi wa ndoa kinamshusha, hata kama familia nzima inakicheka sebuleni. Kipimo cha pili ni kama kisa kingeweza kusimuliwa mbele yake akiwa hai naye akacheka. Na cha tatu, je, mgeni asiyemjua atakielewa bila maelezo? Kikihitaji sentensi tatu za kukitambulisha, kiache kibaki nyumbani.

Zile sekunde nne za kimya si pambo. Ukumbi ukicheka, kicheko huchukua sekunde tatu hadi nne kutulia, na neno lolote linalosemwa ndani yake linapotea. Hapa linalofuata ni sentensi ya shukrani, yaani kiini cha video nzima. Mhariri asiyejua sababu atakikata kimya hicho akidhani ni nafasi iliyosahaulika, kwa hiyo kiandike kwenye skripti kwa sekunde zake. Asiache kimya kitupu kabisa pia. Abakize sauti ya chumba alimohojiwa jirani, la sivyo watu watadhani spika zimekatika.

Muziki nao uandikwe. Ala za huzuni zikiendelea chini ya kisa cha kuchekesha, sikio linaambiwa lia na maneno yanasema cheka, na mtazamaji anachagua kunyamaza. Uzime taratibu sekunde mbili au tatu kabla jirani hajaanza kusema, na uurudishe baada ya ile sentensi ya daftari. Chini ya sauti ya msimulizi usiweke kamwe wimbo wenye maneno, kwa sababu maneno mawili kwa pamoja hayasikiki hata moja.

Sasa lugha yenyewe, maana Kiswahili kinatupa nyenzo ambayo waandishi wengi wanaipita. "Alivihesabu" ni tendo la siku moja. "Alikuwa akivihesabu" ni maisha yake. Kwa hiyo tabia zote ziandike kwa "alikuwa aki-", na uitunze "ali-" kwa mambo yaliyotokea mara moja. Ukizichanganya, mzee anageuka orodha ya matukio. "Huvihesabu" ikae mbali kabisa, kwa kuwa inamfanya aonekane yupo bado, na mjane aliyeketi mbele ataisikia kama kisu. "Marehemu" litumike mara moja mwanzoni pamoja na jina lake kamili, kisha aitwe kama alivyoitwa na watu. Na "pengo lisilozibika" lifutwe. Limesemwa juu ya wengi mno kiasi kwamba halimgusi yeyote.

Muhimu zaidi ni nafsi. Video nzima imzungumzie mzee, "yeye". Zipo skripti zinazoanza na "umetuacha", zinahamia "alikuwa", zinarudi "tunakushukuru", na mtazamaji hajui msimulizi anaongea na nani. Kaa na "yeye" hadi mwisho, ili sentensi ya mwisho kabisa ikigeuka na kumwita, mgeuko huo ufanye kazi yake. Hapa ndipo kupita kwa tatu:

Picha: Ukumbi mtupu, viti vimepangwa ukutani.
Sauti: Tumevihesabu, Mzee. Viti 119. Namba 47 bado iko nje.

Hakuna kichekesho kipya mwishoni. Ni kilekile cha jirani kilichorudi, na safari hii watu watacheka huku machozi yanawatoka. Lakini mstari huu una sharti moja: uwe kweli. Mtu aende ukumbini akavihesabu viti siku mbili kabla ya kurekodi. Vikiwa vyote 120, andika kwamba vyote 120 vimerudi, nao utakuwa mstari wa namna nyingine, mzuri vilevile. Idadi ya kubuni katika video ya mtu aliyehesabu mara mbili itagunduliwa na waliokuwa wakimsaidia kupanga.

Sauti ya mzee mwenyewe itafute kwenye simu za watu, katika ujumbe wa sauti wa kawaida kabisa. Anayemwambia mjukuu afunge mlango anafaa kuliko anayehutubia. Chukua sekunde 10, uziweke kati ya kupita kwa pili na kwa tatu, mara moja tu. Iandike kwa maandishi chini ya picha, kwa sababu ujumbe wa simu kwenye spika kubwa hukwaruza na maneno hayashikiki. Na waambie watu wa nyumbani kabla ya siku kwamba wataisikia. Mtu akikutana nayo ghafla hadharani anaweza kushindwa kubaki ukumbini.

Skripti ikiisha, isome kwa sauti kwa watu watatu, kila mmoja peke yake: mjane au mtoto mkubwa, jirani wa kile kisa, na mtu asiyemjua mzee. Wa kwanza atakusahihishia majina, tarehe na mpangilio wa watoto. Wa pili akuthibitishie kwamba bado anaridhia kuonekana akikiri habari za kiti. Wa tatu mtazame uso tu. Asipotabasamu kwenye namba 47, huenda kupita kwa kwanza hakukueleza vizuri kwamba viti vina namba. Rudi huko urekebishe, usiongeze maneno kwenye kichekesho chenyewe.

Picha ya mwisho ibaki sekunde nane baada ya neno "nje", kisha skrini iwe nyeusi sekunde tano bila muziki. Andika kwenye karatasi ya mshereheshaji kwamba asishike kipaza sauti hadi weusi huo uishe.