Maswali na majibu: Kukimbia ndani ya shiti ndefu ya Excel

Shikamoo mwalimu. Daftari langu la dagaa lina mistari zaidi ya elfu nne. Nikibonyeza Ctrl na mshale wa chini ili nifike mwisho, linasimama katikati. Kwa nini? (Karani, Mwaloni, Kirumba)

Marahaba mwanangu. Ctrl na mshale hautafuti mwisho wa daftari, unatafuta mahali data zinapokatika. Tuseme safu ya A ni tarehe, B mtumbwi, C magunia, D bei na E malipo. Umesimama E2, na mwenye mzigo wa mstari wa 313 hajalipwa, kwa hiyo E313 iko tupu. Ctrl na mshale utakusimamisha E312. Ukibonyeza tena, unaruka hadi malipo yanayofuata, labda E316, kisha unakwama kwenye deni lingine.

Dawa ni kusimama kwenye safu isiyo na mapengo. Kwako ni A, maana hakuna gunia linaloandikwa bila tarehe. Lakini najua makarani wengi mwaloni huandika tarehe mara moja asubuhi, mizigo mingine ya siku hiyo ikafuata chini bila tarehe. Kama nawe hufanya hivyo, anzia chini kabisa kisha upande juu. Bofya kisanduku cha jina, kile kidogo kilicho juu kushoto kinachoonyesha anwani ya seli, andika anwani hii kisha ubonyeze Enter:

```
B1048576
```

Huo ndio mstari wa mwisho kabisa wa shiti. Sasa bonyeza Ctrl na mshale wa juu, nawe utatua kwenye mtumbwi wa mwisho ulioandikwa, tuseme B4218, hata mapengo yawe mangapi huko juu. Ukitua kwenye seli inayoonekana tupu, ujue ina kitu ndani: nafasi iliyobonyezwa kwa bahati mbaya, au fomula isiyoonyesha jibu. Excel huihesabu kuwa imejaa.

Data zangu zinaishia mstari wa 4218, ila Ctrl+End inanitupa 9600. Huko chini sioni chochote. (Mhasibu, Nyamagana)

Dada, bila shaka kuna mtu aliyechora mistari ya jedwali au kupaka rangi mpaka huko. Ctrl+End hupeleka pale mstari wa mwisho uliotumika unapokutana na safu ya mwisho iliyotumika, na kwa Excel rangi nayo ni matumizi. Ndiyo maana hata daftari safi linaweza kukutua kwenye seli tupu: neno moja likiwa K7, utafika K4218.

Kabla hujafuta, hakikisha hakuna kitu kilichojificha. Andika hii kwenye M1:

```
=COUNTA(4219:9600)
```

Ikitoa 0, ifute fomula hiyo. Kisha andika `4219:9600` kwenye kisanduku cha jina na ubonyeze Enter. Mistari yote itachaguliwa bila kuburuza kipanya. Bonyeza Ctrl na alama ya kutoa ili mistari yenyewe iondoke. Usitumie kitufe cha Delete, kwa sababu huondoa maandishi tu na kuacha rangi palepale. Hifadhi faili, halafu jaribu tena Ctrl+End. Lakini ile fomula ya COUNTA ikitoa namba nyingine yoyote badala ya 0, usifute mistari. Teremka kwanza ukaone ni nini.

Nilichagua mauzo ya Januari, nikaandika JAN2024 kwenye kisanduku cha jina ili niwe nayarudia haraka. Nikajikuta kwenye seli tupu, mbali kabisa. (Muuza sangara, Sengerema)

Kaka, JAN ni safu halali. Safu zinaanzia A hadi XFD, hivyo umeiambia Excel ikupeleke safu ya JAN, mstari wa 2024, nayo ikatii. Bonyeza Ctrl+Home urudi mwanzo, chagua mauzo upya, kisha andika `Januari_2024` na umalizie na Enter. Ukibofya pembeni kabla ya Enter, jina halishiki. Nafasi katikati ya jina haikubaliki, ndiyo sababu ya kistari cha chini.

Tangu hapo, ukiwa kwenye shiti yoyote ya faili hilo, chagua jina hilo kwenye kisanduku utafika. Angalia jambo moja: ukiongeza mauzo chini ya mstari wa mwisho wa eneo hilo, jina haliyafuati. Chomeka mstari mpya katikati ya eneo, hapo litatanuka.

Mishale inasogeza shiti nzima, seli haihami! (Nansio, Ukerewe)

Scroll Lock imewashwa. Kama kompyuta yako haina kitufe hicho, bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja, kibodi itatokea kwenye skrini, bofya ScrLk. Na kama umeshapotea mbali na seli yako, Ctrl+Backspace itakuonyesha ilipo.