Mirabaha ya robo mwaka: usisubiri pesa iingie benki

"Tumempa mchapishaji leseni ya vitabu vyetu. Analipa mrabaha wa asilimia 10 ya mauzo kila robo mwaka, wiki 6 baada ya robo kuisha. Niandike mapato pesa ikiingia benki?"

Hapana, usifanye hivyo! Mrabaha ni wa robo ambayo vitabu viliuzwa. Mauzo ya Oktoba hadi Desemba ni mapato ya mwaka huo, hata kama ripoti na pesa vinakuja Februari. Ripoti ikichelewa, kadiria kwa mauzo unayoyajua, kisha rekebisha ripoti ikifika.

Hilo nililijua. Kilichonigharimu ni kilichofuata, na bado kinaniuma.

Mchapishaji wetu aliuza vitabu vya shilingi 80,000,000 robo ya mwisho. Asilimia 10 ni 8,000,000, nikaziandika Desemba kama mapato, na upande wa pili kama deni tunalodai. Sawa kabisa. Februari benki zikaingia 6,800,000. Mhasibu wa kukodi niliyemwamini akaniambia, "Hizi hazifanani na zile, ziandike mapato mapya." Nikaandika! Hazikufanana kwa sababu mchapishaji alikata kodi ya zuio ya asilimia 15, yaani 1,200,000, na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo alipaswa kuliona kwa jicho moja. Hadi leo nikimkumbuka damu inachemka.

Mwaka ule hesabu zetu zikawa na robo 5: ile ya Februari, Mei, Agosti na Novemba, na ya Desemba ya mwaka huohuo niliyoiandika kabla pesa haijaingia. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, tulilipa 2,040,000 kwa pesa iliyokwisha kutozwa mwaka uliotangulia. Ile 1,200,000 ya zuio nayo hatukuidai ipunguzwe kwenye kodi yetu, maana haikuandikwa popote na cheti chake hatukukiomba. Na deni la 8,000,000 likakaa kwenye wadaiwa mwaka mzima kana kwamba mchapishaji hajalipa. Ningefungua ukurasa ule mara moja tu ningeligundua.

Kwa hiyo shika hili: pesa ya mrabaha ikiingia, kwanza inafuta deni la robo yake, haigusi mapato. Februari ile ilitakiwa iwe hivi: benki 6,800,000, kodi ya zuio tunayodai 1,200,000, na deni la 8,000,000 linafutika lote. Kila robo iwe na mstari wake: mauzo yaliyoripotiwa, mrabaha kamili, zuio, pesa iliyoingia na tarehe ya cheti. Kabla ya kufunga mwaka hesabu robo kwenye mapato. Zikiwa 5, ipo iliyoandikwa mara mbili. Zikiwa 3, Desemba umeisahau.

Leo hii mwandikie mchapishaji akupe vyeti vyote vya zuio vya nyuma. Cha kwetu kilikuwa kwenye droo yake muda wote, hakuna aliyekiuliza.